Jina Lililobaki Kwenye Diski ya Zamani

Dalali hakuwa na sauti, kwa hiyo alipokasirika alipiga meza. Aliipiga kwa kile kibao cheupe anachoandikia, mpaka skrubu zangu zikaruka kutoka kwenye kisahani na kutawanyika sakafuni. Mimi mtu akinimwagia skrubu simsamehe upesi.

"Mzee, meza haijakukosea," nikamwambia. "Aliyekukosea yuko nyuma yako."

Nilishajua. Ukikaa miaka mingi kwenye kazi ya kufufua mafaili yaliyopotea, unajifunza kumtambua mwenye kosa kabla hajafungua mdomo. Ndiye anayebeba kompyuta. Na huyu alikuwa ameibeba kwa mikono miwili kama mtoto mwenye homa, kifuniko kiko wazi, skrini inawaka, waya wa chaja unaburuta sakafuni.

"Mbona hujaizima?" nikamuuliza.

"Sijaizima tangu siku ile," akasema kwa majivuno. "Niliifungia kabatini na chaja yake. Hakuna mkono ulioigusa. Wewe ulikuwa msibani, duka limefungwa, nikasema nitakulindia kila kitu kama kilivyo."

Hilo la chaja lilinitisha. Nilitaka kwanza kusikia habari yenyewe.

Aliyesimulia ni mke wa dalali, mama mshonaji, mwenye futi ya kupimia shingoni na mkoba wa vitambaa begani. Yule mbeba kompyuta alikuwa kaka yake, maana yake ni shemeji wa dalali. Wanaume wale wawili hawakuwa wakipendana hata kabla ya haya. Kila mmoja alikuwa na orodha ndefu ya makosa ya mwenzake, na leo shemeji alikuwa ameongeza kubwa kuliko yote.

Dalali nilimfahamu kwa sikio kabla ya kumfahamu kwa sura. Nani hakumfahamu? Mnada wa vitanda vya hoteli, mnada wa magari ya kampuni iliyofilisika, yeye alisimama juu ya kreti na kuuza bila kipaza sauti, na mtu wa mtaa wa pili akasikia bei. Kisha akapata ugonjwa wa koo. Madaktari wakamwambia kisanduku cha sauti lazima kitolewe, na wakamshauri, kabla ya upasuaji, arekodi sentensi za kila siku kwa sauti yake. Akishapona zingewekwa kwenye simu, kila sentensi na kitufe chake. Akitaka maji anabonyeza, na ni yeye anayeomba maji, si mashine.

Basi akaegemeza godoro dirishani kuzuia kelele, akajifungia chumbani, akarekodi moja kwa moja kwenye kompyuta. Mamia ya sentensi. Akaenda kukatwa koo akiwa na amani.

"Mlitoa nakala?" nikauliza.

"Nakala ya nini?" akauliza mama. "Si zilikuwa kwenye kompyuta?"

Nikafumba macho kidogo. Hilo jibu nalisikia kila wiki, na kila wiki linanikata maini upya.

Wakati dalali bado yuko wodini, shemeji aliazima kompyuta. Ikamwambia imejaa. Akaona folda kubwa imeandikwa "Sauti", akadhani ni matangazo ya zamani ya mnada. Hakufungua hata faili moja kusikiliza. Akaifuta, akamwaga na pipa la taka la kompyuta, apate nafasi ya filamu ambazo hakuwahi hata kuziweka.

Dalali akaandika kwenye kibao kwa nguvu hata kalamu ikalia: ALIJUA.

"Sikujua!" shemeji akafoka. "Unanichukia tu! Ningejua ningefuta? Na nilipogundua si ndipo nikaiweka kabatini? Fundi, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha! Mwaka ule nilipofuta picha za harusi yangu, ulizirudisha zote. Ukaniambia, kaka, kitu kikifutwa hakijaondoka, bado kipo, mradi usiandike kingine juu yake. Ulisema hivyo au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi! Sijaandika kitu. Nimeilinda."

"Nilisema pia uzime."

"Kuzima nako kunaandika, nilisoma mahali. Nikaona nisijaribu bahati."

Nikaichukua ile kompyuta, nikaizima, nikaigeuza, nikafungua kifuniko cha chini. Nilichokiogopa kilikuwemo: kipande chembamba chenye chipu nyeusi, hakina hata kishindo. SSD, diski isiyozunguka.

"Hii nani aliiweka?"

"Mimi," akasema shemeji. "Kompyuta ilikuwa inachelewa kuwaka. Nikatoa diski ya zamani inayozunguka, nikaweka hii. Ikawa inawaka kabla hujakaa kitini. Shemeji alinisifu siku hiyo, au umesahau, shemeji?"

Dalali hakumtazama.

Nikaiunganisha SSD kwenye kifaa changu cha kusomea, kile kinachozuia kompyuta kuandika chochote. Wakasogea wote watatu mpaka pumzi zao zikawa shingoni mwangu. Mume alikuwa akipumulia tundu la kooni, chini ya kitambaa, na pumzi yake ilikuwa na mlio mdogo wa filimbi.

Programu ikaanza kuleta majina ya mafaili. Mama akashika mkono wa mumewe.

"Haya hapa!" akapiga kelele. "Haya hapa, yamerudi! Soma! Asante. Naomba maji. Funga dirisha. Nimeshiba. Leo sijisikii vizuri." Alikuwa anasoma huku machozi yanamtoka. "Kazi nzuri, nguo imekaa. Eh! Hiyo ni yangu, hiyo ni ya kunisifia mimi." Kisha akanyamaza, maana jina lililofuata lilikuwa lake. Jina lake tupu, bila sentensi. Dalali alikuwa amerekodi faili zima la kumwita mkewe tu.

"Lipige hilo," akasema. "Fundi, lipige hilo kwanza."

"Mama, subiri."

"Lipige!"

Nikalifungua. Halikulia. Nikawafungulia ukurasa unaoonyesha kilichomo ndani ya faili lenyewe, namba kwa namba, nao wakaona nilichokiona mimi: sifuri. Nikashuka, sifuri. Nikafungua la maji, nikafungua la dirisha, sifuri tupu mpaka chini.

"Majina yapo kwa sababu yanakaa kwenye daftari la diski, na daftari halijaandikwa upya lote," nikasema. "Sauti hazipo."

"Lakini sijaandika kitu juu yake!" shemeji akalia.

Hapo hasira zangu zikapanda. Sikumkasirikia kwa kufuta, kila mtu hufuta. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amefanya kwa bidii kubwa kitu kilekile ambacho hakikutakiwa, na alikuwa bado anataka kusifiwa.

"Kaa chini," nikamwambia. "Kaa. Ile diski yako ya picha za harusi ni sahani inayozunguka, na kichwa kidogo kinachoandika juu yake kwa sumaku. Kichwa kile kinaweza kuandika kipya juu ya cha zamani wakati wowote. Kwa hiyo ukifuta, kompyuta haina haja ya kusafisha. Ni mwenye nyumba mvivu. Mpangaji akihama anabandua jina mlangoni tu, anasema chumba ni kitupu, lakini kitanda kipo, masufuria yapo, mpaka siku mpangaji mwingine aingie. Mimi naingia kabla yake na kubeba masufuria. Ndivyo nilivyokurudishia harusi yako."

"Na hii?"

"Hii haiwezi kuandika juu ya kitu cha zamani. Chipu hizi sharti zisafishwe kwanza ndipo ziandikwe. Tena hazisafishwi chumba kimoja kimoja, zinasafishwa korido nzima kwa mpigo. Kama kuna wapangaji waliobaki kwenye korido, wanahamishwa kwanza, kisha inafagiwa yote. Kazi hiyo inachukua muda, na mwenye nyumba huyu hataki mgeni asubirishwe mlangoni. Kwa hiyo ukifuta tu, kompyuta inaiambia diski: vyumba fulani na fulani havina mtu tena. Dakika ileile. Tangu hapo ukiiuliza diski kuna nini kwenye vyumba vile, inakujibu sifuri, hata kama ufagio bado haujafika. Na ufagio unapita wakati gani? Wakati diski ina umeme na haina kazi."

Nikamtazama vizuri ili limwingie.

"Haukuhitajika mkono wa mtu, kaka. Haikuhitajika kompyuta iandike kitu. Diski inajifagia yenyewe, ndani kwa ndani. Wewe uliipa umeme, ukaipa utulivu, ukaifungia mlango. Hata hiki kifaa changu kinazuia kompyuta isiandike, hakiwezi kuizuia diski isijifagie."

"Kwa hiyo kama angeizima siku ileile?" akauliza mama polepole.

Hilo ndilo swali nisilolipenda, kwa sababu jibu lake la kweli halimfurahishi mtu. "Huenda. Maabara kubwa wanaweza kujaribu kuipita ile diski na kusoma chipu zenyewe, kwa aina chache, kabla ufagio haujapita. Mara nyingi hata wao wanashindwa. Mimi hapa, mama, hata angeniletea baada ya saa moja, huenda ningewaonyesha sifuri hizihizi. Lakini baada ya siku zote hizo kwenye chaja, hata hao wakubwa nisingewasumbua."

Kibao cha dalali kikampata shemeji sikioni. Sikukiona kinakwenda, nilisikia tu kishindo. Shemeji akamrukia, kiti kikaanguka, mama akajitupa katikati akipiga huyu na yule kwa mkoba wa vitambaa. Ajabu ya ugomvi ule ni kwamba mmoja alikuwa anatukana kwa sauti na mwingine anatukana kwa midomo, maneno yakitoka bila hata pumzi. Nilichukua chupa ya maji nikawamwagia. Hasira hasara, na hasara ilikuwa inaelekea kwenye vifaa vyangu.

"Nje!" nikasema. "Au mkae kimya niulize swali moja. Diski ya zamani, ile inayozunguka, iko wapi?"

Shemeji akafuta sikio. "Nilimpa dada. Anakandamizia vitambaa akikata."

"Imo humu," mama akasema, akaingiza mkono mkobani. Ndiyo iliyokuwa ikiwapiga dakika ile. Akaitoa, imejaa chaki ya mshonaji, uzi mwekundu umenasa kwenye skrubu.

"Umeitumia na kompyuta tangu itolewe?"

"Kompyuta ya wapi? Mimi naitaka kwa uzito wake."

"Sentensi zako hazimo humu, mzee," nikamwambia dalali, maana niliona macho yake yanawaka. "Ulizirekodi baada ya hii kutolewa. Usijidanganye. Lakini ulikuwa ukiweka nini humu zamani?"

Akaokota kibao, kimepasuka pembeni. MINADA. NILIKUWA NAJIREKODI NAJISIKILIZA. Akafikiri, akaongeza: NILIFUTA ZOTE.

"Vizuri," nikasema. "Kufuta kwako ndiko ninakokutaka."

Niliwaambia waende nyumbani. Diski iliyotumika kama jiwe la kukandamizia, ikapigwa vichwani mwa wanaume, huiwashi mbele ya watu wenye presha. Ilipozunguka ilikwaruza kidogo, kisha ikatulia. Nikatoa kwanza nakala ya diski nzima, isipokuwa sehemu zilizoliwa na uzee ambazo hazikusomeka, kisha nikafanya kazi kwenye nakala. Programu ilipita sahani yote ikitafuta mwanzo wa mafaili ya sauti. Mengine yalikuwa yamekatwa katikati, kitu kingine kimekaa juu ya mkia wake. Lakini mengi yalikuwa mazima, miaka na miaka baada ya kufutwa, hayana jina wala tarehe.

Nilisikiliza ili kujua yanacheza, na karakana yangu ikajaa yule mtu. "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Nani anaongeza? Mama wa kitenge, unakwenda wapi na pesa yako?" Nilijikuta natabasamu, mimi ambaye sina muda na mtu. Kisha likaja moja ambalo halikuwa la mnada, na tabasamu likafa.

Waliporudi, mke na mume peke yao, nilitaka nimwite mzee pembeni. Lakini ungemwambia nini mtu asiyeweza kujibu kwa mnong'ono? Nikawapigia minada. Alisimama wima kama askari. Mama alikuwa anacheka na kulia, akinigonga bega. "Huyo! Huyo ndiye yeye!"

"Limebaki moja," nikasema. "Mzee, hili ulisahau kuzima kinasa sauti ulipofika nyumbani. Unalikumbuka?"

Alilikumbuka. Akaandika haraka: FUTA.

"La nini?" akauliza mama.

FUTA, akalinyooshea neno kidole.

"Ulishalifuta," nikamwambia. "Ndiyo maana lipo."

Mama akanyoosha mkono akabonyeza mwenyewe. Wanawake wanaoshona wana kidole chepesi.

Mlango ulisikika ukifunguliwa, viatu vikavuliwa. Kisha sauti yake ikaja kwa ukali, ikamwita mke kwa jina lake, jina zima, refu, kama anayemwita mshtakiwa. Ikasikika sauti ya mama, ya ujana zaidi, ikiitika kutoka chumba kingine: "Abee!" Na yeye akasema: "Nyumba imejaa vitambaa hata pa kukanyaga hakuna. Kama kuzaa umeshindwa, basi jaribu hata kufagia."

Baada ya hapo ikasikika cherehani, halafu faili likaisha.

Ulimi hauna mfupa, wanasema. Yeye ulimi alibaki nao, sauti ndiyo aliyonyang'anywa, na bado ulikuwa umemfuata mpaka kwenye meza yangu. Nilimchukia wakati ule. Nasema kweli. Nilitamani kumrudishia diski yake apigwe nayo tena.

Mama hakulia. Alikunja futi yake ya kupimia, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilidhani nimelisahau," akasema. "Kumbe nililificha tu, kama hiyo diski yenu."

Dalali akapiga meza kwa kiganja. FUTA FUTA FUTA. Akanigeukia, akaunganisha mikono kuniomba.

"Hili linafutika?" mama akaniuliza. "Kwa kweli, lisirudi tena?"

"Linafutika. Kwenye diski hii nitaandika sifuri juu ya sahani yote, mwanzo mpaka mwisho. Halafu na nakala yangu. Hata mimi sitalipata."

"Ile mpya ilifuta asante yake," akasema. "Ilifuta ile ya kunisifia nguo. Hii ya zamani imetunza hili." Akamtazama mumewe. "Jina langu liko pengine? Kwenye minada?"

Nilikuwa nimesikiliza yote. "Hapana. Hapa tu."

Akafikiri. Mume alikuwa ameinamisha kichwa, pumzi inalia kwenye tundu lake la kooni.

"Basi likate," akasema mama. "Jina tu. Lile lililobaki andika sifuri zako."

Nikalikata mbele yao, kabla kidogo ya jina na baada kidogo, nikalisafisha vumbi. Ukali sikuweza kuutoa. Ukali haukai pembeni ya neno, umo ndani ya sauti yenyewe. Nikamwekea kwenye simu: jina juu kabisa, chini yake vitufe vya mnada, mara ya kwanza, mara ya pili, nani anaongeza. Kisha nikaanza kuiandika diski sifuri.

Mama hakusubiri. Alichukua mkoba wake, sasa ni mwepesi, akatoka akaanza kushuka ngazi. Dalali akamfuata mpaka mlangoni, akasita, akaitazama simu. Akabonyeza.

Jina likatoka kubwa, lenye hasira, likashuka ngazi zote. Mlango wa jirani ukafunguliwa mtu achungulie nani anagombana.

Mama akasimama. Hakugeuka.

"Abee," akasema. "Sema shida yako."

Kidole cha dalali kikapita juu ya vitufe vyote, kikashuka mpaka chini, kikapanda. Hakukuwa na neno hata moja humo la kumwambia mke. Akabonyeza jina tena.